Wazi Si Nyeupe: Historia ya Ikoni ya SVG na Nakala Zake za PNG

Katika lugha ya kompyuta yapo maneno ambayo kosa la tafsiri yake haliishii katika kamusi, bali huonekana kwa macho. Mojawapo ni lile linalotumiwa kuielezea picha isiyokuwa na rangi yoyote nyuma yake. Baadhi ya watafsiri husema ina mandharinyuma angavu, wengine husema mandharinyuma wazi, na wapo ambao, kwa kutaka kumrahisishia msomaji, husema mandharinyuma nyeupe. Karani aliyeambiwa aandae alama yenye mandharinyuma nyeupe ataiandaa hivyo hivyo. Kisha alama hiyo ikibandikwa juu ya bango la kijani au ukurasa wa buluu, itatokea imezungukwa na kisanduku cheupe, mithili ya kiraka cha bafta kilichoshonewa juu ya kitenge. Kosa hilo si la mkono wa karani. Ni la neno alilopewa.

Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi kazi moja ndogo ilivyokuja kuwa na hatua na kanuni zake: kazi ya kuchukua ikoni iliyochorwa katika faili la SVG na kutoa kutokana nayo mafaili kadhaa ya PNG, ya ukubwa mbalimbali, ambayo nyuma yake ni wazi. Tutaifuata historia yake kwa ufupi, kisha tutaifanya kazi yenyewe kwa mfano wa milima ya Uluguru, na mwisho tutarudi kwenye maneno. Tunaamini kwamba mtafsiri hawezi kuchagua istilahi iliyo sawa kabla hajajua kitu chenyewe hufanyaje kazi.

Njia mbili za kuitunza picha

Mtu aliyesimama mjini Morogoro huiona safu ya Uluguru ikipanda upande wa kusini hadi mawinguni. Safu hiyo yaweza kutunzwa katika picha kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni ya mpima ardhi. Yeye huchora mistari ya kontua, na kila mstari huunganisha mahali palipo na kimo kimoja, kuanzia mitaa ya mji, iliyo kwenye kimo cha mita 500 hivi, hadi kilele cha Kimhandu, chenye mita 2,600 na zaidi. Mstari huo hauna unene wake wenyewe. Ni maelezo tu ya mahali unapopita. Ramani ikichorwa upya kwa kipimo kikubwa zaidi, mstari huchorwa upya nao, na ncha ya kalamu hubaki nyembamba kama ilivyokuwa.

Njia ya pili ni ya setilaiti. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na picha zake ziliigawa ardhi katika vitone ambavyo kila kimoja kilichukua mita 80 hivi kwa upande. Mwaka 1982 Landsat ya nne ilileta kifaa kilichogawa ardhi kwa mita 30. Ndani ya kitone kimoja cha mita 30 nyumba, migomba iliyo uani na njia ya kupanda mlimani huchanganywa vyote kuwa rangi moja. Mtu akiikuza picha hiyo hataiona nyumba. Atakiona kitone kikizidi kuwa kikubwa. Kilichopotea wakati wa kugawa hakirudi kwa kukuza.

SVG ni ya njia ya kwanza. Faili lake ni maandishi yanayosema: anza hapa, vuta mstari hadi pale, paka rangi hii. PNG ni ya njia ya pili. Faili lake ni jedwali la vitone, ambavyo wengi huviita pikseli, na idadi yake imekwisha kuamuliwa. Kwa hiyo kutoa PNG kutokana na SVG ni kuamua, mara moja na kwa hakika, kwamba mchoro utagawanywa katika vitone vingapi. Anayehitaji ukubwa wa aina sita hufanya uamuzi huo mara sita, na kila mara huanzia kwenye mchoro wa asili.

Jinsi uwazi ulivyopata namba yake

Rangi ya kitone hutunzwa kwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila kimoja kati ya 0 na 255. Nyeupe ni 255 katika zote tatu, na nyeusi ni 0 katika zote tatu. Msomaji atatambua kwamba katika utaratibu huu hakuna namba iliyobaki ya kusema kwamba mahali hapa hapana kitu. Kila kitone hakina budi kuwa na rangi, na karatasi tupu huwa nyeupe, jambo ambalo ni tofauti na kuwa tupu.

Upungufu huo uliwahusu kwanza watengenezaji wa filamu, ambao walitaka kuweka mchoro mmoja juu ya mwingine. Kati ya mwaka 1977 na 1978 Alvy Ray Smith na Ed Catmull, waliokuwa wakifanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya New York, waliongeza namba ya nne kwa kila kitone. Waliiita alfa, kwa herufi ya Kigiriki iliyokuwa katika kanuni yao ya kuchanganya rangi mbili. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walichapisha maelezo kamili ya namna ya kuzipandanisha picha zenye namba hiyo. Kanuni yao ya msingi, kwa picha A iliyowekwa juu ya picha B, ni hii:

```
αA + (1 − α)B
```

Alfa ikiwa 1, A hufunika kabisa na B haionekani. Ikiwa 0, A haipo na B huonekana yote. Ikiwa nusu, tunapata mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Hapa pana jambo ambalo watafsiri wengi hulipita bila kuliangalia: namba hii haipimi uwazi, bali hupima kufunika. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo kitone kinavyoziba zaidi kilicho nyuma yake. Mwongozo unaoiita alfa kiwango cha uwazi, kisha ukamwambia mtumiaji aweke 255 ili apate uwazi kamili, utampa kinyume cha alichokitaka.

PNG yazaliwa, na SVG yachelewa

Katika miaka ya mwanzo ya Wavuti, picha nyingi ndogo zilitunzwa katika mtindo wa GIF, ulioletwa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987. GIF iliweza kuwa na rangi zisizozidi 256, na tangu toleo lake la mwaka 1989 rangi moja kati ya hizo iliweza kutangazwa kuwa wazi. Hakukuwa na nusu: kitone ama kilikuwapo ama hakikuwapo. Ndiyo maana alama za siku zile zilikuwa na kingo zenye meno kama msumeno.

Mwishoni mwa Desemba 1994 ilitangazwa kwamba njia ya kubana data iliyotumiwa na GIF ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys, na kwamba watengenezaji wa programu wangetakiwa kulipia leseni. Siku chache baadaye, tarehe 4 Januari 1995, Thomas Boutell alitoa rasimu ya kwanza ya mtindo mpya usiokuwa na hataza. Mtindo huo ukapewa jina la PNG, na tarehe 1 Oktoba 1996 ukapitishwa na W3C, shirika linaloweka kanuni za Wavuti. Tofauti na GIF, PNG iliweza kubeba namba ya alfa kwa kila kitone, kuanzia 0 hadi 255. Ukingo wa mlima uliweza sasa kufifia taratibu juu ya rangi yoyote iliyokuwa nyuma yake.

Hata hivyo, kanuni kupitishwa si sawa na kanuni kufuatwa. Internet Explorer 6, kivinjari kilichotolewa mwaka 2001 na kuenea katika ofisi nyingi za dunia, kilizisoma picha za PNG lakini hakikuiheshimu alfa. Mahali palipotakiwa kuwa wazi kilijaza rangi ya kijivu. Toleo la 7, lililotoka mwaka 2006, ndilo lililorekebisha jambo hilo.

SVG nayo ilikuwa na safari yake. Mwaka 1998 W3C ilipokea mapendekezo yaliyoshindana ya namna ya kuandika michoro ya mistari, moja likiungwa mkono na Adobe na wenzake, jingine na Microsoft na wenzake. Badala ya kuchagua moja, shirika liliunda mtindo mpya, ambao ulipitishwa tarehe 4 Septemba 2001. Lakini Internet Explorer haikuweza kuonyesha SVG mpaka toleo lake la 9 la mwaka 2011. Kwa muda wa miaka kumi, basi, mchoraji aliyetaka kazi yake ionekane na kila mtu hakuwa na njia isipokuwa kuchora kwa SVG na kupeleka kwa PNG. Programu ya Inkscape, iliyoanzishwa mwaka 2003 na kutolewa bila malipo, ilikuwa mojawapo ya zana zilizofanya kazi hiyo iwe nyepesi.

Leo vivinjari vyote vikubwa huisoma SVG, lakini desturi hiyo haikufa, kwa kuwa mahali pengine bado panadai vitone. Duka la programu la Google hutaka ikoni ya PNG ya vitone 512 kwa 512. Ikoni ya tovuti iliyowekwa katika uso wa simu hutafutwa katika ukubwa wa 180 au 192. Kichupo cha kivinjari huonyesha ikoni ya vitone 16 tu kwa upande, au 32 kwenye kioo chenye vitone vilivyosongamana.

Ikoni ya Uluguru

Na tuseme kwamba ofisi moja ya mjini Morogoro inataka ikoni ya mlima wenye vilele viwili na mto unaoteremka, kwa kuukumbuka Mto Morogoro unaoshuka kutoka Uluguru na kupita mjini. Mchoro wake wote waweza kuandikwa hivi:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 48 48">
  <path fill="#1b5e20" d="M3 39 L15 18 L21 26 L31 9 L45 39 Z"/>
  <path stroke="#1565c0" stroke-width="2" d="M24 27 V39"/>
</svg>
```

Neno `viewBox` hutaja uwanja wa kuchorea, wenye vipimo 48 kwa 48. Vipimo hivi si vitone. Ni sehemu za uwanja tu, nao waweza kugawanywa katika vitone vingi au vichache. Mstari wa pili huchora mlima wa kijani, na wa tatu huchora mto wa buluu. Msomaji aone pia kile kisichoandikwa: hakuna mahali panapotajwa rangi ya nyuma. Katika SVG, pasipochorwa kitu hapana kitu. Uwazi ndiyo hali ya asili, na weupe ndio unaohitaji kuongezwa.

Katika Inkscape ya toleo la 1.0, lililotoka mwaka 2020, na matoleo yaliyofuata, nakala sita hutolewa kwa amri hii kwenye kompyuta ya Linux:

```
for n in 16 32 48 180 192 512; do
  inkscape uluguru.svg --export-area-page \
    --export-width=$n --export-background-opacity=0 \
    --export-filename=uluguru-$n.png
done
```

Asiyependa kuandika amri ataubonyeza mkusanyiko wa vibonye Shift+Ctrl+E ili kufungua dirisha la kazi hiyo, kisha ataandika upana mmoja baada ya mwingine. Maneno `--export-area-page` huitaka programu ichukue uwanja mzima pamoja na nafasi iliyoachwa pembeni. Yakiwekwa badala yake `--export-area-drawing`, programu itakata mpaka kwenye ncha za mlima, na umbo halitakuwa la mraba tena. Nayo `--export-background-opacity=0` huamuru ufunikaji wa nyuma uwe sifuri.

Nakala ya 512 itatoka safi. Ile ya 16 ndiyo itakayoleta shida, na yafaa tueleze kwa nini. Uwanja wa vipimo 48 ukigawanywa katika vitone 16, kila kitone huchukua vipimo 3. Mto wetu una unene wa vipimo 2, na katikati yake ni 24. Kwa hiyo unaanzia 23 na kuishia 25. Mpaka wa vitone viwili uko pale pale kwenye 24. Matokeo yake ni kwamba kila kimoja cha vitone hivyo viwili kinafunikwa na mto kwa theluthi moja tu, na theluthi mbili zilizobaki ni kijani. Mto unakuwa mpana wa vitone viwili, lakini si wa buluu. Ni wa rangi iliyochafuka, wala mtazamaji hatautambua kuwa ni mto.

Dawa yake si kuongeza rangi, bali ni kuusogeza mto ukae juu ya vitone vizima. Tukiupa unene wa vipimo 3 na kuuweka katikati ya 25.5, utaanzia 24 na kuishia 27:

```
<path stroke="#1565c0" stroke-width="3" d="M25.5 27 V39"/>
```

Sasa katika ukubwa wa 16 mto unajaza safu moja kamili ya vitone, na katika ukubwa wa 32 unajaza safu mbili kamili. Kwa sababu hiyo hiyo tuliuweka msingi wa mlima kwenye 39, ambayo hugawanyika kwa 3. Tungeuweka kwenye 40, safu ya mwisho ya vitone ingefunikwa theluthi moja, alfa yake ingekuwa 85 badala ya 255, na mlima ungeonekana umesimama juu ya ukungu. Katika nakala ya 180 hesabu haitoki sawasawa, kwani msingi unaangukia 146.25, lakini katika vitone vingi namna hiyo jicho halioni robo ya kitone.

Yuko atakayeuliza kwa nini asichukue nakala ya 16 na kuivuta hadi 512. Jibu ni la hesabu. Nakala ya 16 ina vitone 256 tu, na ya 512 ina vitone 262,144. Kila kitone cha kwanza kingelazimika kugawiwa vitone 1,024, na hakina habari za kutosha isipokuwa kujirudia. Kushuka kutoka 512 hadi 16 kunawezekana, ila programu itatoa wastani wa rangi bila kujua kwamba mto ulitakiwa ubaki mzima. Hapana budi kila nakala itoke katika SVG.

Makosa, na namna ya kuyatambua

Kosa la kwanza ni kisanduku cheupe kilichofichwa ndani ya mchoro wenyewe. Mchoraji huanza kwa kuchora mraba mweupe ili apate mahali pa kufanyia kazi, kisha akausahau. Katika faili utauona kama mstari huu:

```
<rect width="48" height="48" fill="white"/>
```

Juu ya ukurasa mweupe mraba huo hauonekani, na hakuna amri ya kutoa nakala itakayouondoa, kwa sababu kwa programu huo si mandharinyuma bali ni sehemu ya mchoro. Namna ya kuutambua ni kuiweka ikoni juu ya rangi iliyokoza kabla ya kuipeleka popote.

Kosa la pili ni gumu zaidi. Mtu hupewa picha yenye nyuma nyeupe, naye akaifuta rangi nyeupe kwa zana ya kufutia. Weupe ulio mbali na mlima huondoka, lakini ukingoni hubaki utando mwembamba wa rangi hafifu. Sababu yake iko katika ile kanuni ya kuchanganya. Kijani cha mlima wetu ni 27, 94 na 32. Kitone cha ukingoni kilichofunikwa nusu, kikiwa juu ya weupe, kilikwisha kuwa 141, 175 na 144 hivi, yaani kijani kilichopauka. Kwa kuwa hicho si cheupe, zana haikifuti, nacho huendelea kubeba weupe wa zamani hata kikiwekwa juu ya buluu. Katika nakala iliyotolewa vyema kitone hicho kina kijani kile kile cha 27, 94 na 32, na alfa ya 128 hivi, nacho huchanganyika na rangi yoyote itakayokuwa nyuma yake. Aliye na SVG ya asili asifute weupe kwa mkono. Atoe nakala upya.

Kosa la tatu linahusu ule ubao wa drafti, miraba ya kijivu na nyeupe ambayo programu nyingi huionyesha mahali palipo wazi. Miraba hiyo ni ishara ya kwenye kioo tu, haimo katika faili. Lakini picha zimesambaa ambazo miraba hiyo imechorwa ndani kwa rangi halisi, na mtu huzichukua akidhani kwamba ni wazi. Mtumiaji wa Linux aweza kuliuliza faili lenyewe:

```
file uluguru-16.png
uluguru-16.png: PNG image data, 16 x 16, 8-bit/color RGBA, non-interlaced
```

Herufi `A` iliyo mwishoni mwa `RGBA` ndiyo alfa. Ikikosekana katika nakala kama zetu, faili halina namba ya nne, na rangi ya nyuma imo ndani yake. Hata hivyo kuwapo kwa herufi hiyo hakutoshi, maana alfa yaweza kuwapo na kuwa 255 kila mahali. Kwa hiyo jaribio la kuiweka picha juu ya rangi iliyokoza halina mbadala.

Kosa la nne hutokea njiani. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha, hugeuzwa kuwa JPEG, mtindo usiokuwa na namba ya alfa kabisa, na uwazi hujazwa rangi. Ikitumwa kama hati, hufika kama ilivyotoka. Na pale ambapo uwazi haukubaliki, ni bora kuamua mwenyewe: simu za Apple hujaza rangi nyeusi mahali palipo wazi katika ikoni ya tovuti iliyowekwa kwenye uso wa simu. Nakala ya 180, basi, itolewe peke yake na rangi ya nyuma iliyochaguliwa:

```
inkscape uluguru.svg --export-area-page --export-width=180 \
  --export-background="#ffffff" --export-background-opacity=1 \
  --export-filename=uluguru-180.png
```

Kuhusu istilahi

Baada ya kuyaona hayo twaweza kuyarudia maneno tuliyoanza nayo. Kiswahili hakikuingia katika uwanja huu jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na tangu hapo watafsiri wengi wamechangia. Neno ikoni limekubalika, ingawa wapo waandikao aikoni. Lakini maneno matatu bado yanatia wasiwasi.

La kwanza ni angavu. Mwanafunzi wa sayansi huambiwa kwamba kioo ni kitu angavu, kwa maana kinapitisha mwanga. Katika matumizi ya kawaida, hata hivyo, angavu ni kitu chenye kung'aa, na rangi angavu ni rangi iliyo karibu na nyeupe. Karani anayesoma mandharinyuma angavu aweza kwa haki kabisa kuchagua njano ya kung'aa. Isitoshe, mandharinyuma ya PNG si kioo. Hapo hapana kitu. Tunapendekeza mandharinyuma wazi, na pale maana inapohitaji kukaziwa, mandharinyuma tupu. Neno nyeupe lisitumike isipokuwa kwa rangi nyeupe.

La pili ni jina la alfa. Kwa kuwa 255 ni kuziba na 0 ni kutoziba, kiwango cha ufunikaji kinafuata namba, na kiwango cha uwazi kinakwenda kinyume chake. Mtafsiri atakayekutana na kipimo cha asilimia katika programu aangalie kwanza kama 100 huonyesha picha au huificha, kisha ndipo aandike.

La tatu ni kitendo chenyewe. Baadhi ya tafsiri hukiita kuhamisha. Lakini mtu akihamisha mzigo kutoka Morogoro kwenda Kilosa, mzigo haubaki Morogoro. Hapa SVG hubaki ilivyokuwa, na kinachotoka ni PNG sita. Aliyeelewa kwamba amehamisha hataona sababu ya kuitunza SVG, na siku atakapotakiwa ukubwa wa saba atabaki na vitone vya kuvuta. Kutoa nakala ndiyo maelezo yaliyo karibu zaidi na jambo lenyewe, nayo humkumbusha mtumiaji kwamba penye nakala pana asili, na kwamba asili ndiyo ya kuwekwa kabatini.